Kuzisaka akaunti ulizozisahau na kuzifunga moja baada ya nyingine: mwongozo kamili

Shemeji yangu anayeishi Tabata, Dar es Salaam, alipokea jioni moja barua pepe tatu ndani ya saa moja, zote zikimwarifu kwamba kuna mtu anaomba kubadilisha nywila ya akaunti yake kwenye tovuti fulani ya kutafuta kazi. Alinipigia simu akisema, "Shemeji, mimi hii tovuti siijui kabisa." Nilimwomba aangalie ujumbe wa kwanza aliowahi kupokea kutoka hapo, na tarehe yake ikawa Machi 2011, mwaka aliomaliza chuo na kusambaza maombi ya kazi kila mahali. Ndani ya akaunti hiyo kulikuwa na wasifu wake kamili: tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani kwa wazazi, nakala ya cheti cha kidato cha nne, na namba za simu za wadhamini wake watatu. Mtu ambaye angeingia humo angekuwa na karibu kila kitu kinachohitajika ili kujifanya yeye mbele ya mtu asiyemfahamu kwa sura.

Tulikaa Jumamosi mbili tukizisaka akaunti zake zote za zamani, na mwishoni orodha ilifika 54. Njia tuliyoifuata ndiyo ninayoieleza hapa, kwa mpangilio uleule, kwa sababu mpangilio ndio unaowashinda wengi: watu huanza kufunga kabla ya kumaliza kutafuta, na kwa kufanya hivyo hujifungia wenyewe mlango wa kuzifikia akaunti nyingine.

Daftari kwanza, nywila zisiandikwe humo

Chukua daftari au jedwali kwenye kompyuta, kisha weka safu sita: jina la tovuti au programu, barua pepe au namba ya simu iliyotumika kujisajili, namna ya kuingia (nywila, Google, Facebook au namba ya siri inayotumwa kwenye simu), taarifa zilizomo, uamuzi wako, na tarehe uliyoomba kufunga. Safu ya pili na ya tatu zinaonekana kama urasimu mwanzoni, lakini ndizo zitakazokuonyesha akaunti ipi inategemea ipi. Nywila zenyewe zibaki pale zilipohifadhiwa. Daftari lenye majina ya akaunti 54 pamoja na nywila zake ni hatari kuliko akaunti zenyewe.

Nywila zilizohifadhiwa

Ninapendelea kuanzia hapa badala ya kwenye barua pepe, kwa sababu nywila iliyohifadhiwa ni ushahidi wa akaunti na pia ni ufunguo wake. Ukitumia Chrome ukiwa umeingia kwa akaunti ya Google, fungua `passwords.google.com`, nawe utaona orodha ya tovuti kwa alfabeti. Kwenye kompyuta hiyohiyo fungua pia anwani hii:

```
chrome://password-manager/passwords
```

Sababu ya kuangalia mahali pawili ni kwamba Chrome inaweza kuwa na nywila zilizobaki kwenye kifaa tu bila kupelekwa kwenye akaunti ya Google, na hizo hazionekani kwenye tovuti ya kwanza. Firefox huziweka chini ya `about:logins`, na kwenye iPhone utazikuta kwenye programu ya Passwords iliyoletwa na iOS 18 mwaka 2024, au ndani ya mipangilio kwa simu zenye toleo la zamani. Kama una kompyuta ya zamani iliyolala kabatini, au simu yenye kioo kilichopasuka ambayo bado inawaka, iunganishe na chaji na uifungue. Kwa shemeji, kompyuta ndogo ya enzi za chuo ndiyo iliyotoa akaunti tisa ambazo hazikuwa mahali pengine popote.

Sehemu moja ambayo wengi hawaifahamu ni orodha ya tovuti ulizokataa kuhifadhiwa nywila. Kila ulipobonyeza `Never` kivinjari kilipokuuliza, kiliandika jina la tovuti hiyo pembeni. Kwenye Chrome fungua `chrome://password-manager/settings` na ushuke hadi `Declined sites and apps`. Nywila haimo, lakini jina limo, na jina hilo ni dalili nzuri kwamba uliwahi kuingia hapo. Tena watu huwa wanakataa kuhifadhi nywila hasa kwenye tovuti zenye uzito, kama za fedha au za ofisi, kwa hiyo orodha hii fupi mara nyingi ina mambo mazito kuliko ile ndefu.

Unaweza kupakua orodha nzima kama faili la CSV ili kurahisisha kuipanga. Fahamu kwamba faili hilo huonyesha nywila zote wazi, bila kificho chochote. Lifungue, futa safu ya nywila papo hapo, hifadhi kilichobaki, kisha ulifute faili la awali na kumwaga kikapu cha takataka cha kompyuta. Usifanye kazi hii kwenye kompyuta ya ofisi wala ya duka la intaneti. Katika faili hilo utakutana na mistari inayoanza na `android://`, yenye herufi nyingi zisizosomeka na mwishoni kitu kama `@com.jina.programu/`. Hizo ni nywila za programu za simu, na sehemu ya mwisho ndiyo jina la programu. Itafute jina hilo nawe utaitambua.

Safu ya jina la mtumiaji isome kwa makini. Kwa shemeji, nywila zilizohifadhiwa zilitupa akaunti 31, na 12 kati yake zilisajiliwa kwa anwani ya barua pepe ya zamani, isiyo ya Gmail, ambayo hakuifungua tangu mwaka 2014. Jambo hilo lilibadilisha kazi yote, kama nitakavyoeleza.

Kutafuta ndani ya barua pepe

Tovuti nyingi hutuma ujumbe wa kukaribisha au wa kuthibitisha siku ya kujisajili. Kwenye kisanduku cha utafutaji cha Gmail, iwe kwenye simu au kompyuta, andika:

```
subject:(welcome OR verify OR confirm OR activate) before:2016/01/01
```

Neno `OR` liandikwe kwa herufi kubwa, la sivyo Gmail italichukulia kama neno la kawaida. Tarehe huanza na mwaka. Ukimaliza kipindi hicho, songa mbele miaka miwili miwili kwa kuongeza `after:`, kwa sababu ukitafuta miaka yote kwa pamoja utapata matokeo mengi mno na macho yatachoka kabla ya ukurasa wa tatu. Kwa huduma za hapa nyumbani rudia kwa maneno ya Kiswahili:

```
(thibitisha OR nenosiri OR nywila OR umejisajili OR "akaunti yako")
```

Utafutaji huo ni wa kawaida. Kuna mwingine wa aina mbili ambao mimi huutegemea zaidi, kwa kuwa hunasa akaunti ambazo ujumbe wake wa kwanza ulishafutwa. Wa kwanza unahusu Mei 2018. Tarehe 25 ya mwezi huo sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika, na kampuni za mitandaoni duniani kote, pamoja na zile ambazo hukuzisikia kwa miaka kumi, zilituma kwa wingi barua za kutangaza sera mpya ya faragha. Barua hizo zilikwenda kwa kila aliyekuwa na akaunti. Kwa hiyo wiki zile chache ni kama sensa:

```
"privacy policy" after:2018/05/01 before:2018/06/15
```

Shemeji alipata majina 11 katika utafutaji huu peke yake, sita kati yake yakiwa mapya. Wa pili ni wa salamu za siku ya kuzaliwa: andika `subject:birthday`. Kila tovuti iliyokutakia heri inaijua tarehe yako ya kuzaliwa, na hiyo ipewe nafasi ya juu kwenye daftari.

Mipaka ya njia hii ieleweke. Gmail hufuta kabisa ujumbe uliokaa siku 30 kwenye `Spam` au `Trash`, hivyo kama una tabia ya kusafisha sanduku lako, barua pepe haitakusimulia historia yote. Vilevile akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya simu pekee haitaonekana humo. Itafute kwenye ujumbe mfupi wa simu kwa neno `code`, na kwenye Play Store, ndani ya sehemu ya kusimamia programu, chagua zile ambazo hazimo kwenye simu kwa sasa. Programu iliyoondolewa kwenye simu haijafungwa. Akaunti yake inaendelea kuishi huko ilipo.

Na usibonyeze viungo vilivyomo ndani ya barua za zamani. Kampuni iliyokufa mwaka 2013 huenda jina la tovuti yake limenunuliwa na mtu mwingine, na ukurasa utakaofunguka ukikuomba nywila hautakuwa wa wenyewe. Andika anwani mwenyewe juu ya kivinjari, uone kilichopo.

Zilizofunguliwa kwa mgongo wa Google na Facebook

Tovuti ulizoingia kwa kubonyeza kitufe cha Google hazina nywila ya kuhifadhiwa. Orodha yake iko `myaccount.google.com/connections`, na kwa Facebook iko kwenye mipangilio chini ya `Apps and websites`. Hapa tulipata sita za mwisho. Hapa pia ndipo penye kosa linalorudiwa sana: mtu huona jina, hubonyeza kuondoa muunganisho, na kuamini kwamba amemaliza. Alichokata ni njia ya kuingilia tu. Akaunti na taarifa zake zimebaki kwenye tovuti ile, na sasa hata yeye mwenyewe hana ufunguo. Ingia kwanza kwenye tovuti, funga akaunti huko, kisha ndipo urudi kukata muunganisho.

Matawi kwanza, shina mwisho

Ukiwa na orodha kamili, amua zipi zinabaki. Shemeji alibakiza 13 na kuamua kufunga 41. Mpangilio wa kufunga unafuata utegemezi: tovuti za kawaida zitangulie, zifuate akaunti zinazofungua nyingine kama Facebook, na barua pepe ya zamani iwe ya mwisho kabisa pamoja na laini ya simu. Ukiifunga Facebook mapema, kila tovuti uliyokuwa ukiingia kwa kupitia hiyo inakuwa imefungwa kwa nje.

Tatizo letu lilikuwa ile anwani ya zamani yenye akaunti 12. Watoa huduma wengi wa barua pepe hufunga sanduku lisilotumika. Google, kwa mfano, ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka miwili bila kuguswa. Yahoo nayo ilitangaza mwaka 2013 kwamba majina yaliyoachwa yangegawiwa kwa watu wengine, na aliyepewa jina la mwenzake angeweza kupokea barua za kubadilishia nywila zisizomhusu. Sanduku la shemeji lilikuwa limeshazimwa, na ombi lolote la kubadilisha nywila lingekwenda mahali asipopafikia.

Kilichotuokoa ni zile nywila zilizohifadhiwa. Kwa kila moja ya akaunti 12 tulijaribu kuingia kwa nywila ya zamani bila kugusa kitufe cha kusahau nywila, na tisa zilifunguka. Mara tu baada ya kuingia tulikwenda kwenye mipangilio na kubadilisha barua pepe kuwa Gmail anayoitumia leo, tukathibitisha kupitia ujumbe uliofika huko, na ndipo tukaomba kufunga. Usiruke hatua hiyo ya kati, kwa sababu tovuti nyingi hutuma kiungo cha mwisho cha kuthibitisha ufutaji kwenye barua pepe iliyosajiliwa, na kama ni ile iliyokufa, ombi litaning'inia milele.

Kwa upande wa laini, piga *106# na ufuate menyu ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba iliyoachwa kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine, naye atapokea namba za siri za akaunti zako. Kama bado unayo laini ya zamani, iweke hai hadi kazi iishe.

Kufunga akaunti moja, hatua kwa hatua

Nichukue ile ya kazi, kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha yote. Tuliingia, tukabadilisha nywila kwanza ili anayejaribu kuingia asitutangulie, kisha tukapakua nakala ya wasifu, kwa sababu shemeji hakuwa na nakala nyingine ya barua zake za utumishi wa mwanzo. Halafu tulifuta kimoja kimoja kilichomo: cheti, picha, namba za wadhamini. Mahali palipokataa kuachwa wazi tuliandika herufi zisizo na maana, na tarehe ya kuzaliwa tukaiweka 1 Januari. Tunafanya hivyo kabla ya kufunga kwa sababu tovuti nyingine huificha tu akaunti badala ya kuifuta, na ikibaki imefichwa ni afadhali ibaki na takataka kuliko na cheti.

Kama kuna kadi ya benki, iondoe. Kama kuna malipo ya kila mwezi, yasitishe kwa kupitia kule yalikoanzia. Malipo yaliyoanzishwa kupitia Play Store hayakomi kwa kufuta akaunti ya programu, yanasitishwa ndani ya Play Store yenyewe.

Kisha tafuta kitufe. Kwa kawaida kiko chini ya `Account`, `Privacy` au `Security`, na maneno yake hutofautiana: `Delete account` na `Close account` ndiyo unayoyataka, ilhali `Deactivate` huisimamisha akaunti kwa muda bila kufuta kitu. Kujiondoa kwenye orodha ya barua za matangazo nako si kufunga. Usipokiona kitufe, angalia tovuti ya JustDeleteMe, ambayo imeweka kiungo cha moja kwa moja cha kufunga kwa tovuti nyingi na kueleza ugumu wa kila moja. Kwa Facebook njia inapitia `Accounts Center`, halafu `Personal details`, kisha `Account ownership and control`.

Ukimaliza, piga picha ya skrini inayoonyesha ombi limepokelewa, andika tarehe kwenye daftari, na usifute nywila iliyohifadhiwa bado. Futa programu kwenye kila simu. Facebook na Instagram husubiri siku 30 kabla ya kufuta, na ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kulisimamisha ombi lako. Mimi yalinikuta kwa mtandao mmoja wa picha: niliomba kufunga, nikasahau kwamba tableti ya watoto ilikuwa bado imeingia humo, na baada ya miezi miwili nikaikuta akaunti ipo kama nilivyoiacha.

Zinazokataa

Kati ya 41 za shemeji, 33 zilifungwa kwa kitufe. Tatu hazikuwa na kitufe na tuliziandikia. Kwa huduma ya hapa nchini barua fupi inatosha, ilimradi itumwe kutoka kwenye barua pepe iliyosajiliwa:

"Ndugu, nina akaunti kwenu iliyosajiliwa kwa barua pepe hii. Naomba muifunge na kufuta taarifa zangu binafsi zilizomo, nikirejea Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Naomba mnithibitishie kwa maandishi mara mtakapokamilisha."

Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko dhidi ya anayekataa au kukaa kimya bila sababu. Wakikuomba nakala ya kitambulisho cha NIDA ili kufunga akaunti ambayo hukuifungua kwa kitambulisho, uliza kwanza kama kuna njia nyingine ya kujitambulisha, maana haina mantiki kuwaongezea taarifa unapoomba wafute zilizopo. Benki na huduma za fedha za simu ni suala jingine: akaunti itafungwa, lakini kumbukumbu za miamala zitatunzwa kwa miaka kadhaa kwa mujibu wa sheria, na hakuna barua itakayobadilisha hilo.

Tano zilizobaki hazikufungika kabisa. Tatu ni zile za anwani iliyokufa ambazo nywila zake hazikukubali, na mbili zilikuwa za tovuti zisizojibu barua. Hizo mbili tuliingia, tukazijaza takataka, tukaziwekea nywila ndefu isiyo na mpangilio wowote na kuziacha. Zile tatu tuliziandikia wahusika tukieleza hali, na shemeji akahakikisha kwamba nywila ya zamani iliyotumika humo haitumiki tena mahali popote. Unaweza kuangalia `haveibeenpwned.com`, tovuti iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013, ili kujua kama anwani yako imo kwenye uvujaji uliowahi kutokea. Anwani ile ya zamani ilikuwamo.

Kuhakiki

Baada ya siku 30 na ziada, hakiki bila kuingia. Nenda kwenye ukurasa wa kusahau nywila, andika barua pepe yako, usubiri. Majibu ya ukurasa wenyewe si ushahidi, kwa sababu tovuti nyingi humjibu kila mtu kwamba "kama akaunti ipo, tumetuma kiungo." Ushahidi ni sanduku lako: kiungo kisipofika, hata kwenye `Spam`, weka alama ya kufungwa kwenye daftari na sasa ndipo uifute nywila iliyohifadhiwa. Kikifika, akaunti ingali hai na unarudi kwenye hatua za juu. Kwa shemeji mbili ziliibuka hivyo, moja ikiwa ni ileile ya kazi, ambayo ilikuwa imefichwa tu. Ombi la pili, lililoandikwa kwa barua, ndilo lililoifuta, na ndani yake wakati huo hakukuwa na chochote isipokuwa herufi zisizo na maana na tarehe ya 1 Januari.